Husuni Kubwa: Kasri la Abul-Mawahib

Birika hili la pembe nane ni sehemu ya kasri la Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, karne ya 14. Wenyeji walimpa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwenye kutunuku. Simulizi zao, zilizotiwa kwenye maandishi karne ya 16, zasema alisoma Adeni ujanani.

Msafiri Ibn Batuta alimkuta hapa Kilwa mwaka 1331. Aliandika kwamba fakiri wa Yemeni alimwomba Sultani nguo alizovaa, baada ya sala ya Ijumaa. Akazivua, akampa. Lakabu ilimstahili!

Jiwe la matumbawe lililofukuliwa humu limechongwa jina lake kwa Kiarabu. Kasri lenyewe halikumalizika.