Mbona na Marahaba: Kingazija katika Posa ya Unguja

Posa ni maneno kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mahari huja baadaye, na ndoa huja baada ya mahari. Lakini siku ya posa watu huondoka kwao wakiwa na barua na ulimi tu. Kwa hiyo lugha ya posa si jambo dogo. Nataka katika kurasa hizi nieleze namna moja ya kuposa iliyowahi kuonekana katika baadhi ya nyumba za Wangazija wa Unguja, ambamo mposaji husema maneno machache kwa lugha ya bibi wa binti, na mengine yote kwa Kiswahili, lugha wanayoielewa wawili wanaotaka kuoana. Wapo waliouona mchanganyiko huo kuwa ni pambo, na wapo waliouona kuwa ni dalili ya lugha inayokufa. Mimi naona una mantiki yake, na mantiki hiyo ina taarikhi.

Wangazija wamekuwapo Unguja kwa wingi tangu karne ya 19. Walikuja mabaharia, wafanyabiashara, watumishi na wanavyuoni. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandraa mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925, alikuwa kadhi mashuhuri hapa petu. Kalamu ya wanavyuoni hao ilikuwa ya Kiarabu, na lugha ya soko na mtaa ilikuwa Kiswahili. Kingazija kilibaki ndani ya nyumba, kwa wanawake zaidi kuliko kwa wanaume, maana wanaume walishinda nje.

Wala hali hiyo haikuanzia Unguja. Kule Ngazija kwenyewe Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kilikuwa lugha ya barua za masultani. Said Bakari bin Sultan Ahmed, mtoto wa kisultani, aliziandika khabari za kisiwa chake kwa Kiswahili, na maandishi hayo yakahaririwa na Lyndon Harries na kuchapishwa mwaka 1977. Mngazija wa zamani, basi, alisema kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine bila ya kuona ajabu. Barua ya posa kwa Kiswahili na salamu kwa Kingazija ni mgawanyo wa kazi wa zamani, si uzembe wa vijana.

Lugha hizi mbili ni ndugu. Wataalamu wa lugha wanaziweka pamoja katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda na Kipokomo. Tunaposema mtu, Mngazija husema mndru; tunaposema mke, yeye husema mshe; na ndoa yetu kwake ni ndola, kwani ameihifadhi ile l ambayo sisi tumeipoteza. Undugu huo ndio unaomdanganya mposaji. Lugha ya mbali humtisha mtu akajifunza kwa uangalifu, lakini lugha ya karibu humfanya adhani kwamba anaijua tayari.

Nitatoa mfano niliouona kwa macho, kwani mshenga siku ile nilikuwa mimi. Ilikuwa mwaka 1994, katika nyumba moja ya Ng'ambo. Kijana alikuwa mtoto wa dada yangu, na binti alikuwa mjukuu wa bibi mmoja wa Kingazija ambaye wazazi wake walitoka upande wa Itsandraa. Bibi huyo alizaliwa Unguja na kuolewa Unguja. Kisha ukaja mwaka 1968, miaka minne baada ya Mapinduzi, serikali ilipotangaza kwamba Wangazija si raia, na anayetaka uraia auombe. Watu waliozaliwa hapa wakajikuta wageni. Bibi akawaambia wanawe kwamba tangu siku hiyo nyumba ile itazungumza Kiswahili, na mgeni akiwapo, Kingazija kisisikike hata neno. Wanawe walikuwa bado wakikielewa. Wajukuu wakakua bila ya lugha hiyo, ila neno koko, yaani bibi, ambalo hawakuweza kuliacha.

Binti alimwambia mpwa wangu jambo moja: baba yake akikubali, yeye bado hatasema ndiyo mpaka koko awe radhi. Kisharia bibi si walii, na radhi yake haimo katika masharti ya ndoa. Lakini kwa desturi ya Ngazija nyumba ni ya mwanamke; mume ndiye anayehamia kwa mkewe, na iko ardhi, wanayoiita manyahuli, inayorithiwa kwa upande wa wanawake. Hapa Unguja mengi katika hayo yalikuwa yamelegea, ila kwamba mkubwa wa wanawake ndiye mwenye nyumba halikulegea. Kijana akaamua kwamba atamwamkia kwa lugha yake.

Alikwenda kwa mzee mmoja aliyekuja kutoka Moroni, akajifunza kwa wiki tatu. Alirudi na hotuba nzima ya Kingazija, nami nikamwomba anisomee. Nikamsimamisha mara tatu, na sababu za kumsimamisha ndizo khasa ninazotaka msomaji azijue.

Mara ya kwanza ilikuwa katika maamkizi. Mkubwa huamkiwa kwezi, naye hujibu mbona. Kwetu sisi mbona ni neno la kuhoji, na mara nyingi la kulaumu. Nikamwambia: ukisikia mbona kutoka ndani, usianze kujieleza, maana hujaulizwa kitu.

Mara ya pili ilikuwa mahali pa kuomba. Kitendo cha kutaka, na pia cha kupenda, kwa Kingazija ni huandza. Masikio ya Mswahili husikia kuanza. Ubavuni mwake wangekaa wazee sita wa upande wetu wasiojua Kingazija, na kila mmoja angeelewa kwamba kijana ameanza jambo na binti wa watu. Hapo nikamshauri kwamba ombi lenyewe liwe kwa Kiswahili. Sharia yenyewe inatuelekeza huko. Katika madhhebu ya Shafii ndoa huweza kufungwa kwa lugha isiyokuwa Kiarabu, mradi wanaofunga na mashahidi waielewe. Posa si akdi, lakini mwenendo mwema ni ule ule: jambo ambalo watu watakuja kulitolea ushahidi lisemwe kwa lugha ambayo wote waliopo wanaifahamu.

Mara ya tatu ilikuwa mwishoni. Alimaliza kwa kusema, marahaba, koko. Kwa Kingazija marahaba ni asante. Kwetu ni jibu la mkubwa anapopewa shikamoo. Kijana amwambie bibi wa watu marahaba, mbele ya baba zake! Nilitaka tuliondoe. Yeye akakataa, akasema kwamba asante ndilo neno alilolitaka kuliko yote. Tukakubaliana libaki, nami nikachukua jukumu la kuwatanabahisha wazee wetu mapema.

Hotuba ikawa hivi. Kwanza hamdu na swala ya Mtume kwa Kiarabu, kama inavyopendekezwa kabla ya kuposa. Hiyo niliisoma mimi. Kisha kijana, ambaye kwa kawaida hasemi katika posa yake na aghalabu hata hayupo, akapewa ruhusa ya kuamkia. Kisha mimi tena, kwa Kiswahili: nani ametutuma, mtoto wa nani, anamwomba nani. Barua, iliyofungwa katika kitambaa, ikakabidhiwa. Mwisho kijana akashukuru. Maneno yake ya Kingazija hayakuzidi pumzi mbili.

Tulikaa ukumbini, wanaume watupu, na mlango wa ndani uliachwa wazi kidogo. Kijana akageukia mlango ule akasema: "Kwezi, koko." Pakawa kimya. Kisha ikatoka sauti: "Mbona." Na baada ya mbona yakafuata maneno mengine, marefu, ya Kingazija, na mwisho wake, tulivyosikia kwa sauti, lilikuwa suala.

Hili hatukulipanga. Tulihesabu kila neno la kwenda, tukasahau la kurudi. Anayeamkia kwa lugha ya mtu amemfungulia mtu huyo kinywa, na hana haki ya kushangaa akijibiwa. Kijana alikuwa na njia mbili. Angeweza kuitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, na mtego huo huwanasa wengi, kwa kuwa suala la pili huja na kumfichua. Yeye akasema kwa Kiswahili: "Koko, nimejifunza salamu na shukrani tu. Mengine sijayajua."

Bibi akajibu kwa Kiswahili: "Basi sema unayoyajua."

Nikaendelea na kazi yangu. Yalipokwisha, kijana akasema marahaba yake. Mzee wetu mmoja aliyechelewa kufika, ambaye sikuwahi kumpa khabari, akamkemea kwa sauti: "Adabu, wewe!" Kutoka ndani tukasikia kicheko. Bibi alikuwa amezielewa zote mbili, asante ya mmoja na hasira ya mwingine, kwani katika nyumba ile yeye ndiye aliyeishi miaka yote ndani ya lugha zote mbili.

Baba wa binti akatuomba muda wa kuulizana, kama ilivyo ada. Majibu yakaja baada ya siku nane, nayo yalikuwa ya kheri. Ila jambo la siku ile nililijua baadaye, kwa mama wa binti. Yeye alikuwa amekaa karibu na mama yake nyuma ya mlango. Alinambia kwamba hakuwahi kumsikia akisema Kingazija mbele ya wageni tangu mwaka 1968. Nikamuuliza bibi aliuliza nini. Akanambia: aliuliza ni nani aliyemfundisha kijana, na kama huyo aliyemfundisha anatoka mji upi.

Alikuwa anatafuta watu wake.

Nimeshuhudia posa nyingine baadaye ambazo kijana alikariri hotuba nzima ya Kingazija bila ya kujua maana yake, na wenyeji wakaisikiliza kama wanavyosikiliza redio. Lugha isiyofahamika na msemaji haimfikii msikilizaji hata kama maneno yote ni sahihi. Maneno mawili ya yule mpwa wangu yalifika kwa sababu alikuwa tayari kukiri kwamba ni mawili.

Kingazija hakikufa. Moroni watoto wanacheza nacho na wazee wanagombana nacho. Kilichokatika ni uzi wake wa Unguja, tena ulikatwa na watu, kwa khofu yenye sababu. Bibi yule alifariki mwaka 2003. Vitukuu vyake ni watu wazima sasa, na Kingazija hawakijui. Lakini wanapoingia kwa bibi yao, yule mama aliyekaa nyuma ya mlango, husema kwezi, naye huwajibu mbona. Na mgeni akiwapo hudhani wanaulizwa kwa nini wamekuja.