Kukubali kazi mpya: mambo matatu ya kuandikisha kwanza

Tuseme mhasibu wa Bukavu anapewa kazi mpya. Barua inataja mshahara, lakini kuanza ni «haraka», esai haina mwisho, na konje haitajwi. Anaweza kukubali, lakini kwa maandishi, na mambo hayo matatu ayaulize katika barua ileile.

Kwanza tarehe. Mahali anapotoka amefanya miaka miwili. Kwa sheria ya kazi ya 2002, mwajiri angemupa preavi ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka: jumla 28. Mfanyakazi anayeacha kazi mwenyewe anatoa nusu, basi siku 14 angalau. «Haraka» haiwezekani.

Pili esai. Inapaswa kuandikwa, na kwa mtu wa ufundi kama yeye haipite miezi 6. Kibarua asiye na ufundi ni mwezi 1. Akiendelea kufanya kazi kisha muda huo, amekwisha kuthibitishwa.

Tatu konje. Mtu mzima anapata angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi, ni kusema siku 12 kisha mwaka mzima. Mwaka huo unahesabiwa tangu siku ya kuanza.

Basi anaandika hivi: «Ninakubali kazi hii kwa mshahara mliotaja. Nitaanza kisha preavi yangu, tarehe 1 ya mwezi ujao. Ninaomba kontra ionyeshe tarehe hiyo, muda wa esai na siku za konje.»

Barua ya kuacha kazi ya zamani anaipeleka kisha kupata jibu lenye sahihi.