Kutafsiri mwongozo wa pampu ya umwagiliaji: namba na vizio visivyobadilika

Katika vijiji vya Marangu, wilayani Moshi, maji ya umwagiliaji yameteremka kwa karne nyingi kupitia mifongo, mifereji iliyochimbwa kufuata mwinamo wa Mlima Kilimanjaro. Pampu huhitajika pale shamba linapokuwa juu ya mfongo au mto. Pampu nyingi ndogo za petroli huja na mwongozo wa lugha ya kigeni, na mkulima hutegemea tafsiri. Makosa yanayoharibu mitambo hutokea mara nyingi katika namba na vizio kuliko katika sentensi.

Jambo la kwanza ni nguvu ya kukazia bolti. Kipimo hiki ni zao la vitu viwili: uzito wa msukumo wa mkono na urefu wa spana kutoka katikati ya nati hadi mahali mkono unaposhika. Kwa sababu hiyo, kuandika “kaza kwa kilo 2.5” hakuna maana, kwani urefu umeachwa. Kizio rasmi ni nyutoni-mita, yaani N·m. Miongozo mingine hutumia kilo-nguvu kwa mita, kgf·m, na mingine ratili-nguvu kwa futi, lbf·ft. Kgf·m moja ni sawa na N·m 9.81, lbf·ft moja ni sawa na N·m 1.356.

Tuchukue mfano wa mwongozo unaotaka bolti za kifuniko cha pampu zikazwe kwa 2.5 kgf·m. Jibu sahihi ni 24.5 N·m. Mfasiri akinakili 2.5 na kubadilisha kizio pekee kuwa N·m, bolti itakazwa kwa sehemu moja tu ya kumi ya nguvu inayotakiwa. Gasketi haitabanwa sawasawa, hewa itaingia upande wa kuvuta, na mkulima ataona pampu ikitoa mapovu kisha kukata maji ingawa injini inanguruma vizuri. Kosa la upande wa pili ni kusoma N·m 25 kana kwamba ni lbf·ft 25. Hapo nguvu hufika karibu N·m 34, na nyuzi za bolti katika kifuniko cha alumini huweza kukatika. Dalili yake ni bolti inayozunguka bila kukaza.

Wakulima wengi hawana spana yenye kipimo. Tafsiri nzuri inaweza kuongeza maelezo haya: shika spana ikiwa imelala sawa na ardhi, kisha ning’iniza ndoo yenye uzito wa kilo 10 pamoja na maji yake, sentimita 25 kutoka katikati ya nati. Kilo 10 mara mita 0.25 ni 2.5 kgf·m ileile. Si kipimo cha karakana, lakini ni bora kuliko kukisia kwa mkono.

Alama nazo zina sheria zake. N·m isiandikwe mN, kwa maana mN ni sehemu ya elfu ya nyutoni. Baadhi ya miongozo ya Ulaya huandika 2,5 kwa maana ya mbili na nusu. Nchini Tanzania mkato hutenganisha maelfu, hivyo tafsiri itumie nukta.

Jambo la pili ni kanieneo, ambayo mafundi huiita presha. Istilahi moja ichaguliwe na kutumika kitabu kizima. “Mgandamizo”, “msukumo” na “presha” vikichanganywa, msomaji atadhani ni vitu vitatu. Bar 1 ni kPa 100, na inatosha kupandisha maji wima kiasi cha mita 10.2. Geji nyingi hupimwa kwa psi pia. Psi 1 ni kPa 6.9.

Hapa mwinuko wa Marangu unaingia. Pampu haivuti maji yenyewe. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma ndani ya bomba. Usawa wa bahari, hewa hiyo inaweza kuinua maji hadi mita 10.3 kinadharia. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 kanieneo yake hushuka hadi takriban kPa 84.5, sawa na mita 8.6. Mwongozo ukisema kimo cha juu cha kuvuta ni mita 8 kwa usawa wa bahari, mkulima wa huko aondoe takriban mita 1.7, na bado kuna upotevu katika bomba na vali ya chini. Kuweka pampu mita 5 au chini yake kutoka kwenye maji ni salama zaidi.

Mfasiri hana mamlaka ya kubadilisha namba ya mtengenezaji. Aiache mita 8 mahali pake, na maelezo ya mwinuko ayaandike pembeni yakiwa yametambulishwa kuwa nyongeza, baada ya kuhakikiwa na mhandisi. Kila kizio kilichobadilishwa kirudishwe kwa hesabu kwenye kizio cha awali na mtu mwingine, si yuleyule aliyetafsiri. Kisha, kabla ya kuchapa, fundi apewe kurasa za kukaza bolti na kufunga bomba la kuvuta, afanye kazi akisoma Kiswahili peke yake, na kila anaposimama kuuliza pawekewe alama.