Gauni, Shati na Fomula ya 1956

Jumatatu asubuhi tulikuwa tunakusanyika mbele ya skrini moja, watu wanne, na kupanga kazi za wiki. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Jedwali lilikuwa na fomula, na fomula ndiyo iliyoamua:

```
alama = (thamani + uharaka) / ukubwa
```

Kila kazi ilipewa namba tatu kutoka orodha hii: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 20. Yenye alama nyingi inapanda juu. Safi kabisa, tukadhani.

Kulikuwa na kazi moja kubwa: kuhamisha malipo ya programu yetu hadi toleo jipya la mfumo wa malipo, kwa sababu toleo la zamani lingezimwa tarehe 30. Tuliipa thamani 8, uharaka 13, ukubwa 13. Alama: 1.6. Kurekebisha kitufe kilichokuwa kinawasumbua wateja kulipata thamani 3, uharaka 2, ukubwa 1. Alama: 5. Kwa hivyo kitufe kikatangulia. Jumatatu iliyofuata zikaja tuvitu tudogo tungine, tukatangulia pia. Tarehe ilipokaribia tukapandisha uharaka wa malipo hadi 20. Alama ikawa 2.2. Bado iko chini, bana.

Tulipoianza zilikuwa zimebaki siku sita za kazi. Ilihitaji kumi. Kwa siku nne hakuna mteja aliyeweza kutulipa, na vitufe vyetu vyote vilikuwa vinapendeza.

Nilitaka kujua hii fomula ilitoka wapi. Nilipoifuata nyuma, nilifika mwaka 1956, kwa mtu aliyeitwa Wayne Smith, aliyechapisha makala katika jarida la utafiti wa ugavi wa jeshi la majini la Marekani. Swali lake lilikuwa dogo na wazi: una mashine moja na kazi kadhaa zinazongoja. Kila kazi inachukua muda fulani, na kila kazi inakugharimu kiasi fulani kwa kila siku inayongoja. Upange vipi ili hasara yote kwa jumla iwe ndogo kabisa?

Hebu tuweke fundi cherehani mahali pa mashine. Ana gauni la siku sita, na kila siku linapochelewa anapoteza shilingi 600. Ana shati la siku moja, linalompotezea shilingi 200 kwa siku. Gauni ndilo lenye pesa, si ndiyo? Akianza nalo, litaisha siku ya 6, hasara 3,600. Shati litaisha siku ya 7, hasara 1,400. Jumla 5,000. Akianza na shati, litaisha siku ya 1, hasara 200, na gauni siku ya 7, hasara 4,200. Jumla 4,400.

Shati limeshinda, na sababu yake inaonekana ukibadilishana nafasi zao. Kutanguliza shati kunalichelewesha gauni siku moja tu, yaani 600. Kutanguliza gauni kunalichelewesha shati siku sita, yaani 1,200. Smith alionyesha kwamba hesabu hii ya majirani wawili inatosha kupanga foleni nzima: gawanya hasara ya siku kwa idadi ya siku za kazi, kisha anza na jibu kubwa. Gauni lina 100, shati lina 200. Hapo ndipo desturi ya kugawanya kwa ukubwa ilipata uthibitisho wake.

Lakini angalia anachotaka kabla ya kukubali. Hasara iwe ile ile kila siku, leo, kesho na mwezi ujao. Sasa tuseme gauni ni la harusi, na harusi ni jioni ya siku ya 6. Kanuni ya Smith inalimaliza siku ya 7. Bibi harusi keshaolewa na nguo nyingine. Hasara ya gauni haikuwa 600 kwa siku hata kidogo: ilikuwa sufuri mpaka siku ya 6, halafu ikawa gauni lote.

Swali hilo la tarehe lilikuwa na jibu lake tayari. Mwaka mmoja kabla ya Smith, 1955, James Jackson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha kwamba ukitaka ucheleweshaji mbaya kuliko wote uwe mdogo iwezekanavyo, panga kazi kwa tarehe zao za mwisho, iliyo karibu kwanza. Thamani haimo. Ukubwa pia haumo. Ikiwa shati linatakiwa siku ya 9, fundi ataanza na gauni, na vyote viwili vitatoka kwa wakati.

Kwa hivyo kulikuwa na kanuni mbili kwa maswali mawili tofauti. Sisi tulizichemsha katika sufuria moja: tukachukua tarehe ya Jackson, tukaigeuza kuwa namba ya uharaka, tukaijumlisha na thamani, kisha tukagawanya kama Smith. Tarehe 30 ikawa 13, na hiyo 13 ikagawanywa kwa ukubwa. Yaani kazi ilivyozidi kuwa kubwa, ndivyo tarehe yake ilivyopungua uzito. Ilipaswa kuwa kinyume: kazi kubwa yenye tarehe ndiyo ya kuanza mapema.

Katikati ya safari hiyo kuna Donald Reinertsen, ambaye mwaka 2009 aliwaletea watengenezaji wa bidhaa wazo la kugawanya gharama ya kuchelewa kwa muda wa kazi. Yeye alikuwa anazungumzia pesa kwa wiki. Baadaye mfumo wa Dean Leffingwell wa kupanga kazi za timu kubwa za programu ukaweka badala ya pesa jumla ya alama za kukisia: thamani, uharaka wa wakati, na kupunguza hatari. Kukisia ni rahisi kuliko kutafuta pesa, na ndiyo maana fomula ikaenea.

Alama hizo zina tatizo la pili. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Stanley Stevens alitenganisha namba zinazopima na namba zinazopanga tu nani yuko mbele ya nani. Zetu zilikuwa za kupanga. Chukua kazi mbili zenye ukubwa 5. Ya kwanza ina thamani 13 na uharaka 1: alama 2.8. Ya pili ina 5 na 5: alama 2. Ya kwanza inashinda. Sasa badala ya 1, 2, 3, 5, 8, 13, andika 1, 2, 3, 4, 5, 6. Maoni yetu ni yale yale, mpangilio ni ule ule. Ya kwanza inapata 7/4, yaani 1.75. Ya pili inapata 8/4, yaani 2. Mshindi amebadilika, na hakuna mtu aliyebadilisha mawazo.

Siku hizi hatujumlishi uharaka. Kazi yenye tarehe tunaihesabu kinyumenyume: tarehe 30, toa siku kumi za kazi, toa tatu za dharura, hapo ndipo inapoanza, hata ikiwa na alama gani. Zilizobaki tunazipanga kwa njia ya Smith, na tunakisia kwa shilingi kwa wiki. Makisio yenyewe ni mabovu, kusema kweli. Ila mtu akiandika shilingi 40,000, mwenzake anaweza kumuuliza zinatoka wapi. Akiandika 13, tulikuwa tunaitikia tu.