Nani Atasema Mlikuwa Mmeoana?

Mwaka jana niliposti video ya dakika moja nikiwa nimesimama nje ya Sheria House, pale Harambee Avenue, nikiwacheka wazazi. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: kama watu wawili wanapendana, mbuzi wanaingilia wapi? Video ikaenda vizuri. Mathe aliionea kwa simu ya jirani, akaniuliza swali moja tu: "Na dada yako, ana nani wa kumsemea?" Nikaona ni yale maneno ya wazazi, nikaendelea na maisha.

Dada yangu ana miaka 29. Anaishi Uthiru na jamaa yake, mwaka wa tano huu, na wana mtoto mmoja. Ni kamwistei ya kawaida tu: alienda wikendi, akaacha nguo, nguo zikawa nyingi kuliko zilizobaki nyumbani kwetu Riruta. Sisi ni Wakikuyu, jamaa ni Mluhya wa Kakamega. Mzae alikuwa ameshasema hatakanyaga hiyo nyumba mpaka ruracio lianze. Dada naye alisema yeye si ploti ya kuuzwa. Wote wawili walikuwa wamenyamaziana hivyo, kila mtu na kiburi chake.

Mwezi wa kwanza jamaa akaanguka kwa mjengo. Hospitalini wakamuuliza dada, "Wewe ni nani wake?" Akasema mke. Wakauliza kama kuna cheti, au mtu wa familia wa kuthibitisha. Mama wa jamaa alifika usiku kutoka Kakamega, akamtazama dada yangu, akasema kweli kabisa, bila ubaya: "Huyu simjui. Sijawahi kuletewa." Basi mama ndiye aliyetia saini za operesheni. Dada alilala kwenye benchi la nje, mtoto mapajani. Jamaa alipona, lakini mimi ile video niliitoa.

Nilianza kusoma hukumu za kesi za ndoa, ziko bure mtandaoni. Kabla hujaniuliza: niliacha chuo mwaka wa pili, na sikuwa nasomea sheria. Nakuambia nilichosoma, si ushauri wa wakili. Nilichogundua ni kwamba ugomvi wa nyumba yetu umekuwa mahakamani Nairobi kwa zaidi ya miaka hamsini, na mara nyingi mapenzi hayakuwa swali. Swali lilikuwa ushahidi.

Ukitaka kujua wazazi wetu walitoa wapi msimamo wao, anza na mwanasheria anayeitwa Eugene Cotran. Karibu na uhuru alikaa na wazee wa jamii mbalimbali za Kenya akiandika mila zao za ndoa, na kitabu kikatoka mwaka 1968. Kwa Wakikuyu aliandika kwamba ndoa haijakamilika mpaka sehemu ya ruracio itolewe, kondoo wa ngurario achinjwe, na wawili waanze kuishi pamoja. Majaji walikitumia kitabu hicho kama kipimo. Mwaka 1970, Mahakama Kuu hapa Nairobi ilipata kesi ya mwanaume aliyekuwa hataki tena kuishi na mwanamke, na mwanamke akasema yeye ni mke wake kimila. Korti ikauliza: kondoo wa ngurario alichinjwa? Hakuchinjwa. Basi hakuna ndoa, mama afungashe.

Nilipoisoma hiyo nilikasirika, kisha nikafikiria huyo kondoo anafanya kazi gani. Siku ya ngurario watu wa pande mbili wanakutana kwenye boma moja. Msichana anaulizwa mbele ya wote kama anamkubali huyu, na kama nyama iliwe. Mwanaume anakata kiande, yaani bega la mnyama, na wanalishana. Zaidi ya watu hamsini wanarudi kwao wakiwa wameona kwa macho na kula kwa mdomo. Miaka thelathini baadaye mmoja wao akiitwa kusema, atasema: nilikuwepo, nilikula. Enzi zile hakuna cheti, hiyo ndiyo ilikuwa sajili. Na hata Cotran aliweka ridhaa ya wote wawili kwenye orodha yake, kitu ambacho wazee wetu hukumbuka kidogo sana wakianza kuhesabu mbuzi.

Lakini mji ulikuwa umeshabadilika. Watu walikuja kazini Nairobi, wakapatana huku, na boma liko mbali. Hapo ndipo inaingia kesi ya Yawe, ambayo nadhani kila mtu aliye kwenye kamwistei angepaswa kuijua. Jamaa alikuwa Mganda, rubani wa East African Airways, akiishi Nairobi West (ambayo, licha ya jina, iko kusini mwa mji). Aliishi na mwanamke Mkikuyu zaidi ya miaka tisa, wakazaa watoto wanne. Mwaka 1972 akafa kwa ajali ya barabarani. Mwanamke akaenda kudai kama mjane. Watu wa Uganda wakasema huyo hakuwa mke. Mali ilikuwa mikononi mwa Mdhamini wa Umma, na mama wa watoto wanne akajikuta anathibitisha ndoa wakati mwenzake hawezi tena kufungua mdomo.

Kilichomwokoa ni vitu vidogo. Shahidi alisema waliishi kama mume na mke. Na rubani, alipokuwa akijaza fomu ya kuomba kazi, aliandika jina lake kama mke. Rufaa ilifika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na mwaka 1976 majaji wakasema: watu wakiishi pamoja muda mrefu, na dunia ikawajua kama mume na mke, sheria itachukulia kwamba wameoana, mpaka mtu alete ushahidi mzito wa kupinga. Hapo ndipo ilipopata nguvu kwetu ile kitu mawakili huita dhana ya ndoa.

Kizazi chetu tumeisikia nusu. Ukiuliza vijana kumi kwenye mat ya Kawangware, wengi watakuambia ukikaa na mtu miezi sita tayari mmeoana. Hakuna sheria ya namna hiyo. Yawe ilikuwa zaidi ya miaka tisa na watoto wanne, na bado ilibidi mama aende mpaka rufaa.

Wengine mtasema, basi si tuende tu kwa msajili, notisi ya siku 21, mashahidi wawili, imeisha. Ni kweli cheti ni kitu kikubwa. Lakini kila nikipanda mat ya Waiyaki Way namkumbuka Wambui Waiyaki, wa ukoo wa huyo Waiyaki wa Hinga aliyepewa barabara. Alifunga ndoa ya serikali mwaka 1963 na wakili S. M. Otieno, Mjaluo. Walikuwa na cheti, watoto, nyumba Langata. Otieno alipofariki Desemba 1986, ukoo wake wa Umira Kager ukasema atazikwa Siaya kwa mila. Kesi ikaenda mpaka Mei 1987, mwili ukiwa mochari, na Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi. Hakuna aliyesema Wambui si mke. Ila kwenye mambo ya maziko cheti chake hakikutosha kuwashinda watu ambao hawakuwahi kukubali kwamba ndoa ni ya wawili tu. Sisemi ilikuwa haki. Nasema ukiwaruka wazee leo, wanaweza kukusubiri mbele, siku ambayo huna nguvu ya kubishana.

Sheria yenyewe ilijaribu kutupatanisha mwaka 2014. Sheria ya Ndoa ya mwaka huo inasema kwamba pale mila inapodai mahari ili kuthibitisha ndoa, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Soma tena hapo. Mzae wangu ana karatasi yenye mbuzi, blanketi, tangi la maji la mathe na suti ya mjomba, vyote vimegeuzwa kuwa pesa, kila mbuzi 10,000. Kisheria hahitaji yote ili dada awe mke. Anahitaji ishara. Wakikuyu wenyewe husema ruracio haliishi, na mimi sasa naielewa hivi: halikuwahi kukusudiwa kulipwa kama bili ya stima, siku moja, risiti mkononi. Baada ya sherehe wawili wana miezi mitatu ya kumjulisha msajili, na tangu Agosti 2017 ndoa za kimila zinasajiliwa na kupata cheti kama nyingine.

Hapa nawalaumu wazazi. Ukiweka orodha ndefu kiasi kwamba kijana wa mjengo anaogopa hata kuja kujitambulisha, umeua ule ushahidi uliokuwa unautetea. Watoto wako hawataacha kuishi pamoja. Wataishi tu bila shahidi.

Na huo mlango wa Yawe unazidi kuwa mwembamba. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu wawili, wanaitwa MNK na POM kwenye hukumu, walioishi pamoja zaidi ya miaka 25 na kugombania ploti ya huku kwetu Dagoretti. Majaji wakasema dhana ya ndoa itumike kwa nadra. Anayedai lazima aonyeshe muda mrefu, ridhaa na nia ya wote wawili, kwamba walijionyesha kwa watu kama wanandoa, na kwamba kila mmoja alikuwa huru kuoa au kuolewa. Mwanamke huyu alikuwa bado na ndoa ya kimila na mwanaume mwingine, ambayo haikuwa imevunjwa. Kwa hivyo hapakuwa na ndoa. Ploti waligawana kwa sababu wote walichangia: asilimia 70 kwa mwanamke, 30 kwa mwanaume. Miaka 25, na jibu likawa kwamba ninyi mlikuwa watu waliochangia ploti.

Niliwasomea hiyo sehemu dada na jamaa kejani kwao, jamaa bado na mkongojo. Dada akanyamaza kidogo, akasema yeye bado hatauzwa. Nikamwambia hakuna anayemuuza, lakini pia nilijua orodha ya mzae iko kwenye droo, na haijapungua hata blanketi moja.

Jamaa amekubali kuja wikendi ya pili ya mwezi ujao na ithigi: mwati na harika, yaani kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga, kwa pesa taslimu kwa sababu hatuna pa kuwafunga Riruta. Mzae hajasema ndiyo, amesema tu atakuwepo. Mathe yeye hajauliza habari ya mbuzi. Ameitisha namba ya simu ya mama wa jamaa, ile ya Kakamega, na jana usiku nilimsikia jikoni akimpigia.