Kibali cha kimaadili

Kibali cha kimaadili ni hali ya mtu aliyetenda jema kujiona ana ruhusa ya kutenda jambo ambalo kwa kawaida angelionea haya. Tendo jema humwondolea hofu ya kuwa mtu mbaya, na hofu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimzuia.

Jaribio lililoupa utafiti huu msingi lilichapishwa mwaka 2001 na wanasaikolojia Benoît Monin na Dale Miller, nchini Marekani. Washiriki walipewa kwanza orodha ya waombaji watano wa kazi. Mmoja aliwazidi wenzake waziwazi kwa sifa, na kwa baadhi ya washiriki huyo alikuwa Mwafrika Mmarekani; kwa wengine alikuwa mzungu. Karibu kila mtu alimchagua huyo bora. Kisha wakaulizwa kuhusu mji mdogo wa mashambani ambao askari wake wanajulikana kwa ubaguzi: je, nafasi moja ya uaskari pale inafaa zaidi mtu wa rangi fulani? Waliokuwa wamemchagua Mwafrika Mmarekani ndio walioelekea zaidi kusema kazi hiyo inamfaa mzungu.

Mtu angeweza kudhani walikuwa wakitegemea sifa waliyokwisha kujijengea mbele ya mtafiti. Ndipo jaribio lililofuata likapangwa hivi kwamba aliyepokea jibu la pili hakujua lolote kuhusu la kwanza. Matokeo yakabaki yaleyale. Kwa hiyo anayeridhishwa hapa ni mtendaji mwenyewe, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika utafiti huu, kwa kuwa unafiki unahitaji watazamaji, na hapa hawakuwapo.

Watafiti hutofautisha njia mbili. Katika ya kwanza, mema huwa kama akiba ya benki: mtu anajua anachotaka kufanya ni kibaya, lakini anaona salio linatosha. Katika ya pili, ambayo ndiyo ya jaribio la askari, tendo la awali hubadilisha maana ya linalofuata. Aliyejithibitishia kuwa si mbaguzi hulichukulia jibu lake kuwa ni kuzingatia tu hali halisi ya mji ule. Njia hii hufanya kazi hasa pale tendo la pili linapoweza kuelezwa kwa namna mbili. Ubaya ulio wazi haufunikiki kirahisi hivyo.

Nguvu ya hali hii isitiwe chumvi. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliojumlisha majaribio 91 uliikuta ipo, lakini ya wastani au chini yake, na baadhi ya majaribio yaliyorudiwa hayakuiona kabisa. Tena wema huweza kuvuta wema. Utafiti wa Paul Conway na Johanna Peetz wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliokumbushwa mema yao ya karibuni walilegea, ilhali waliokumbuka ya zamani, ambayo mtu huyaona kama sehemu ya tabia yake, walielekea kusaidia zaidi.