Bahari yenye rangi ya divai

“Mwalimu, bahari ni buluu. Kwa nini Homeri anaifananisha na divai?” Ndivyo alivyoniandikia mwanafunzi wa Mukuru kwa Njenga anayesoma Odisei.

Neno lenyewe la Kigiriki ni oinops: oinos ni divai, ops ni uso au jicho. Basi ni “yenye sura ya divai”. Ukikwama hivi, tafuta neno hilo linatumika wapi kwingine. Homeri huwaita hivyo pia ng’ombe wa kulima, nao hakika si buluu. Kwangu mimi, anachokiona ni weusi unaometameta, kama wa divai bakulini.

Mwaka 1858, Mwingereza Gladstone alidai Wagiriki wa kale hawakuzitambua rangi vizuri. Alikosea. Tazama Kiswahili: vivumishi vya rangi vinavyobeba viambishi vya ngeli ni vitatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, samawati kwenye neno la Kiarabu la mbingu. Hata hivyo, mvuvi wa Lamu huyajua maji ya kina kwa kuyatazama tu.